Nimetumiwa imeili ya ofisa manunuzi iliyokuwa ya mwenzake, ndani kuna bei za washindani wangu. Nimjibuje?

Sindano_na_Uzi (mwanzisha uzi), Ijumaa saa 2:10 usiku

Wakuu habari za jioni. Nina jambo linanikaa kooni tangu jioni na mume wangu kasafiri, sina wa kumuuliza.

Nina karakana ya ushonaji hapa Mwanza, mafundi sita. Wiki iliyopita kampuni moja ilituomba kotesheni ya ovaroli 320 zenye mikanda ya riflekta, mwisho wa kupeleka Jumatatu saa kumi jioni. Leo saa 11:40 simu ikalia, imeili kutoka kwa ofisa manunuzi wao. Nikajua anauliza saizi. Kufungua nakuta imeandikwa hivi (majina nimeyatoa):

"Dada R, bei za hao wawili nimekuwekea kwenye jedwali, wa tatu bado hajaleta. Naona tumsubiri hadi Jumatatu. Wa kwanza yuko juu kidogo ila mzigo anao. Bosi asione kwanza mpaka nipange."

Mimi jina langu linaanza hivyohivyo, ni lilelile la dada wa uhasibu wao. Nafikiri aliandika herufi tatu, simu ikamletea mimi, akabonyeza. Huyo wa tatu ambaye hajaleta bei ndiye mimi!

Kiambatisho ni faili la eksel. Sijalifungua, lakini simu ilionyesha kipande cha juu kama kapicha kadogo na macho yangu yaliona bei moja, shilingi [IMEONDOLEWA] kwa ovaroli. Nikafunga haraka.

Sasa nifanyeje? Nikae kimya kama sijaona? Nimjibu? Nikimjibu niseme nimeona? Na kotesheni yangu ya Jumatatu bado nipeleke au nimeshajiharibia?

*(Nimehariri saa 3:05. Tarakimu nimeitoa, sababu soma chini kwa Mzee Lejaa.)*

---

Muuza_Simenti, saa 2:18 usiku

Dada unauliza nini? Mungu kakufungulia mlango wewe unagonga dirishani. Shusha mia tano chini ya huyo, peleka Jumatatu, kula tenda, funga uzi.

---

kijana_wa_seva, saa 2:26 usiku

Usijibu kabisa. Hizi imeili za "nimekosea mtu" ni mtego wa zamani. Wanakutumia faili lenye jina tamu, bei au mishahara ya wafanyakazi, wakijua binadamu hawezi kuacha kulifungua. Ukifungua linakuomba uweke nenosiri lako la imeili, na hapo umekwisha. Futa, mbloku, lala.

---

Sindano_na_Uzi, saa 2:31 usiku

@kijana_wa_seva anwani ni ileile aliyoniombea kotesheni. Na habari ya ovaroli anaijua. Tapeli angeijuaje?

---

kijana_wa_seva, saa 2:35 usiku

Akaunti yake inaweza kuwa imedukuliwa. Anayeingia kwenye sanduku la mtu anasoma mazungumzo yote ya nyuma, na ovaroli zako atazikuta humo.

---

Mzee_Lejaa, saa 2:52 usiku

Binti, salaam. Nimekaa kwenye manunuzi miaka 22 kabla ya kustaafu, sehemu kubwa kampuni binafsi. Nimekuwa mtumaji wa imeili kama hiyo mara moja, na mpokeaji mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kabla ya yote, rudi juu uhariri uzi wako. Umeiweka bei ya mwenzako hadharani, mbele ya watu wasiojulikana, siku tatu kabla ya tenda kufungwa. Aliyekosea mpaka hapo alikuwa ni ofisa yule peke yake, sasa na wewe umeongezeka. Na hao mafundi wa ovaroli Mwanza si elfu moja, anaweza kupita hapa mmoja wao. Yako pia usiitaje kwa sasa.

Ukimaliza nitakueleza.

---

Sindano_na_Uzi, saa 3:06 usiku

Shikamoo mzee. Nimeitoa. Sikufikiria hilo hata kidogo, nimeona aibu.

---

Mzee_Lejaa, saa 3:34 usiku

Marahaba. Aibu ya nini, umeshaitoa.

Kijana wa seva anasema nusu ya kweli. Ni kweli mtego wa namna hiyo upo, na ndiyo maana umefanya vyema kutofungua faili. Lakini kunyamaza hakukulindi. Ikiwa imeili ni ya kweli, kesho au keshokutwa ofisa yule atafungua kisanduku cha zilizotumwa aone jina lako. Kuanzia hapo, bei yoyote utakayopeleka Jumatatu itakuwa na harufu. Ukiwa chini ya wenzako watasema uliona. Hata kama uliipiga hesabu mwezi uliopita, utamthibitishia nani?

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kama ni yeye. Una namba yake? Siyo ile iliyo chini ya imeili hii, namba ambayo tayari ulikuwa nayo, ya kwenye LPO ya zamani au uliyowahi kumpigia. Mpigie kesho asubuhi, mwulize neno moja tu: "Jana jioni umenitumia imeili?" Usimtajie kilichomo mpaka akiri.

Akishakiri, mwandikie. Simu haina kumbukumbu. Mwandikie yeye peke yake, sentensi chache, useme vitu vinne tu: imekufikia lini, umeona nini, hukufanya nini, na unaifuta. Hicho cha "umeona nini" ndicho watu wanachokiruka, na ndicho chenye uzito.

---

Muuza_Simenti, saa 3:41 usiku

Mzee kwa heshima zote, hapo kwenye kukiri ameona bei ndiyo anajichinja. Aseme hakufungua. Ni kweli hakufungua!

---

Mzee_Lejaa, saa 3:50 usiku

Hakufungua, lakini ameona. Siku mbili baadaye mtu atashika simu ya aina hiyohiyo, ataona kile kipicha cha juu kinavyojitokeza, na neno "sijaona chochote" litageuka uongo. Aseme: "nimesoma maneno ya mwanzo, na bei moja ilionekana kabla sijafunga." Basi. Asitaje ni bei gani wala ya nani.

---

nakuru_wa_zamani, saa 4:02 usiku

Hii imenikumbusha yangu. Niko Nakuru, miaka mitatu nyuma mtu wa rasilimali watu alinitumia barua ya onyo iliyokuwa ya mwenzangu tuliyeshea jina la pili. Imeandikwa kabisa juu "Siri". Niliisoma yote. Yote! Halafu nikafanya kosa kubwa zaidi: nikampelekea huyo mwenzangu nikidhani namsaidia, ajitayarishe.

Siku ya kikao akaingia na majibu yamepangwa kama ya wakili. Wakajiuliza amejulia wapi. Kufuatilia, ikatoka kwangu. Mimi ndiye niliyeitwa. Aliyetuma vibaya aliomba msamaha yakaisha, mimi niliyesambaza nikapata barua yangu mwenyewe, na safari hii ilinifikia mimi sawasawa.

Kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa za mtu zikivuja kwa namna ya kumhatarisha, mwajiri ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Kwa hiyo dada ukichelewa kuwaambia unawala muda wao. Nyie Tanzania si mna yenu?

---

wakili_mpole, saa 4:20 usiku

Tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Lakini tusiilazimishe hapa. Inahusu taarifa za mtu: jina, namba, afya, mshahara. Bei ya ovaroli ya kampuni siyo taarifa binafsi. Barua ya onyo ya @nakuru_wa_zamani ndiyo hasa. Na hizo saa 72 za Kenya ni mzigo wa mwajiri, haziwi kosa la mpokeaji akichelewa kujibu.

Kwa dada swali ni la ushindani wa haki na la mkataba. Soma barua ya kuombwa kotesheni, mara nyingi kuna kipengele kwamba mzabuni akipata taarifa za wenzake anaondolewa. Kama kipo, kukaa kimya ni hatari kuliko kusema.

---

Sindano_na_Uzi, saa 4:28 usiku

Nimeisoma sasa hivi. Kipo. "Mzabuni yeyote atakayebainika kupata au kujaribu kupata taarifa za bei za wazabuni wengine." Mimi sijajaribu lakini "kupata" si ndiyo nimeshapata?

Chini ya ile imeili kuna pia maandishi madogo kwamba kama siyo yako ni marufuku kuisoma. Nimesoma hayo baada ya kuisoma yenyewe.

---

wakili_mpole, saa 4:37 usiku

Wote husoma hivyo, kwa sababu wameyaweka mwishoni. Kwa maoni yangu maandishi yale peke yake hayakufungi, hujakubaliana nao chochote. Ila yanakufanya usiweze kusema hukujua ni ya siri. Kipengele cha kwenye barua ya tenda ndicho cha kuangalia, maana hicho unakikubali unapopeleka bei.

---

BiMkubwa_Tabata, saa 4:45 usiku

Hata mimi nililetewa meseji "ile hela tuma kwenye namba hii" na kweli nilikuwa nadaiwa kodi nikatuma laki mbili. Wezi hawa jamani. Dada usitume hela!

---

kijana_wa_seva, saa 4:49 usiku

Pole Bi Mkubwa. Yako ni nyingine kabisa, hiyo wanarusha kwa maelfu wakitegemea kumpata mwenye deni. Namba kama hizo ripoti: andika neno UTAPELI tuma kwenda 15040, watakuuliza namba ya tapeli. Hapa dada haombwi hela.

Dada na wewe, kama una kompyuta, fungua Gmail, kwenye imeili hiyo bonyeza vidoti vitatu kisha Show original. Kwenye aplikesheni ya simu hutakiona. Angalia SPF na DKIM, vile vipimo vya kujua kama imeili imetoka kweli kwenye mfumo wao, kama zimeandikwa PASS.

---

Sindano_na_Uzi, saa 5:03 usiku

Nimeangalia kwenye kompyuta ya dukani. Zote mbili PASS. Kwa hiyo ni yeye?

---

kijana_wa_seva, saa 5:07 usiku

Ni kutoka kwenye mfumo wa kampuni yao, siyo anwani ya kuigiza. Lakini mwizi akiwa ndani ya akaunti halisi, PASS inabaki PASS. Hapo namkubali mzee, piga simu.

Ukiongea naye mwambie pia afanye Recall, iondoke kwako yenyewe.

---

fundi_outlook, saa 5:15 usiku

Haitaondoka. Ile Recall ya Outlook inafanya kazi kwa watu wa ndani ya taasisi moja tu. Huyu dada yuko nje na anatumia Gmail. Atakachopata ni imeili ya pili inayosema fulani angependa kuirudisha ile ya kwanza, na hapo hata asiyeisoma ataitafuta aisome. Na Gmail nayo ukituma una nafasi ya Undo isiyozidi sekunde 30. Baada ya hapo imekwenda.

Swali langu kwa dada: umesema kompyuta ya dukani. Nani mwingine anaingia kwenye imeili hiyo?

---

Sindano_na_Uzi, saa 5:19 usiku

Ee Mungu wangu. Kijana wangu wa mapokezi. Yeye ndiye anayechapa kotesheni.

---

fundi_outlook, saa 5:24 usiku

Basi muulize kesho kabla ya kumwandikia ofisa. Kama ameifungua faili, ile sentensi ya "sijafungua" siyo kweli tena, maana kwa kampuni ile wewe na kijana wako ni mtu mmoja. Na angalia folda la Downloads la kompyuta hiyo. Ukifuta imeili, nakala iliyopakuliwa haiguswi. Kwenye Gmail penyewe ikienda Bin inakaa siku 30, kwa hiyo ingia humo uifute mara ya pili.

Ila usifute kabla ya kumwandikia. Hali ya simu ukiwa na wasiwasi naijua.

---

Sindano_na_Uzi, Jumamosi saa 4:40 asubuhi

Mrejesho.

Kijana aliiona imeingia, akaona jina la ofisa, akaiacha akijua ni yangu. Downloads hakuna kitu, nimeangalia mwenyewe.

Nimempigia ofisa kwa namba ya kwenye LPO ya mwaka jana. Nikauliza kama mlivyosema. Akanyamaza. Nikasikia anahema, halafu "Umefungua?" Nikamwambia faili hapana, ila maneno nimesoma na bei moja imejitokeza. Akasema, "Dada yangu naomba liishie hapahapa. Futa tu, usiniandikie kitu."

Sasa nimebaki katikati. Niandike au nisiandike? Nilikuwa nimeshaandaa hii:

"Habari za kazi. Samahani sana kwa usumbufu, najua una majukumu mengi na sikukusudia kabisa kusoma mambo ya ofisi yenu, jana nikiwa njiani kurudi nyumbani nilipata imeili yako ambayo nadhani ilikuwa ya Dada R wa uhasibu kuhusu bei za wazabuni wawili na kwamba bosi asione, naomba unisamehe, mimi ni mtu mwaminifu na Mungu ni shahidi yangu..."

Inaendelea.

---

Pembeni_ya_Bosi, saa 4:58 asubuhi

Mimi niliwahi kuwa mtumaji ngoja niseme. Nilikuwa namsema bosi kwa rafiki yangu WhatsApp, nikamtumia bosi mwenyewe. Nikafuta kwa wote ndani ya dakika moja, tiki zilikuwa za bluu tayari. Pale inabaki "ujumbe huu umefutwa" kama kovu. Alichonijibu ni: "Nadhani hii ilikuwa ya mtu mwingine. Tuonane saa nane kwa ile ripoti." Hakulitaja tena. Ningemfia yule mama.

Kwa hiyo dada, mwonee huruma. Kakuomba usiandike, usiandike. Ana watoto.

---

Muuza_Simenti, saa 5:03 asubuhi

"Bosi asione kwanza mpaka nipange." Anapanga nini? Huyo ana mtu wake kwenye hiyo tenda. Mwandikie bosi wake moja kwa moja.

---

Mzee_Lejaa, saa 5:30 asubuhi

Muuza Simenti, "nipange" inaweza kuwa kupanga jedwali. Mimi mwenyewe sikuwahi kumpelekea mkurugenzi karatasi ya bei kabla ya kuongeza kodi, usafiri na muda wa kuleta mzigo, kwa sababu akiona bei tupu anamshika wa chini na hamwachii tena. Inaweza pia kuwa hayo unayowaza. Kwa mstari mmoja hatujui, na binti hana kazi ya kumchunguza.

Pembeni, bosi wako alifanya vizuri kwa sababu jambo lilikuwa la wawili tu, yeye na wewe. Hapa kuna wazabuni wengine wawili ambao bei zao zimetoka nje na hawajui. Huruma kwa ofisa iko kwenye namna ya kuandika. Binti asimnakilishie mtu, asimpelekee bosi. Amwandikie yeye peke yake, yeye ndiye aamue kuipeleka juu. Akiipeleka mwenyewe Jumatatu asubuhi ni kosa la kidole. Ikigunduliwa mwezi wa tatu ni kesi.

Sasa barua yako, binti. Nakuomba ufute karibu yote. Kuapa kwa Mungu kunamfanya msomaji aanze kukushuku. "Bosi asione" usiirudie, umemrudishia aibu yake kwa maandishi. Bonyeza Reply, siyo Reply all, angalia kama alikuwa amenakilisha mtu. Usifanye Forward, maana inabeba na faili. Na yale maneno yake yanayojirudia chini ya jibu lako, yafute kabla hujatuma. Kisha andika hivi:

"Ndugu, imeili yako ya jana saa 11:40 jioni imenifikia mimi, naona ilikuwa ya mwenzako ofisini. Nilisoma maneno yake, na bei moja ilionekana kabla sijafunga. Kiambatisho hakijafunguliwa wala kupakuliwa, na sijamtumia mtu yeyote. Naifuta leo. Nipo tayari kupokea maelekezo kuhusu kotesheni yangu."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayokulinda na kile kipengele. Umewaachia wao waseme uendelee au ukae pembeni.

---

wakili_mpole, saa 5:44 asubuhi

Hapo kwenye "sijamtumia mtu yeyote". Dada uliandika bei hapa jana kwa karibu saa nzima.

---

Sindano_na_Uzi, saa 5:47 asubuhi

Nimeiona hiyo tangu mzee alipoiandika. Nimetokwa jasho.

---

Mzee_Lejaa, saa 6:01 mchana

Wakili kanipiku. Sentensi hiyo iondoke. Baki na "hakijafunguliwa wala kupakuliwa", hiyo ni kweli. Kama mtu atakuuliza kuhusu bei kufika kwingine, jibu kweli. Mimi binafsi ningeieleza tangu sasa, lakini kampuni na jina hukutaja, nakuachia.

---

nakuru_wa_zamani, saa 6:10 mchana

Mimi ningeisema. Niliyoyapata ni kwa sababu walivumbua wenyewe.

---

Muuza_Simenti, saa 6:12 mchana

Mtamaliza kumfunga huyu dada kwa ovaroli.

---

Sindano_na_Uzi, Jumanne saa 1:15 usiku

Mrejesho mwingine, samahani kwa ukimya, nilikuwa na sare za shule.

Jumamosi nilituma ile ya mzee, bila sentensi ile ya kusambaza. Hilo la bei kukaa hapa sikulisema kwa maandishi. Jumapili usiku sikulala, Jumatatu saa mbili nikampigia nikamwambia. Akasema "sawa" kavu, akakata. Nikajua imekula kwangu.

Leo mchana imekuja imeili kwa wazabuni wote watatu, safari hii imetoka kwa mtu mwingine, cheo meneja. Kotesheni zilizopelekwa zote zimefutwa, kila mtu alete upya, kwenye bahasha iliyofungwa, mapokezi kwao, mwisho Alhamisi saa sita mchana, zitafunguliwa pamoja wenye bei wakiwepo. Sababu hawakusema. Kwa kuwa na mimi nimeandikiwa, nadhani sijaondolewa.

Yule ofisa simpati kwenye simu. Sijui kama alijisema au nilimponza. Linanisumbua.

---

Pembeni_ya_Bosi, saa 1:32 usiku

Nilisema.

---

Mzee_Lejaa, saa 1:50 usiku

Hatujui yuko wapi. Mtu anaweza kutolewa kwenye tenda moja na akabaki kazini, hilo ni la kawaida hasa likitokea kama hili. Au Pembeni yuko sahihi na mimi nimempa binti ushauri uliomgharimu mtu. Nimelifikiria, na bado ningeshauri vilevile.

---

Sindano_na_Uzi, Ijumaa saa 12:40 jioni

Zimefunguliwa jana, kwa hiyo sasa bei yangu naweza kuitaja. Ilikuwa 38,500 kwa ovaroli, jumla 12,320,000. Ndiyo ileile iliyokuwa kwenye kaunta buku langu tangu Alhamisi ile, kabla ya imeili. Wakili aliniambia pembeni niipige picha kurasa hiyo na kijana wangu asaini, nikafanya.

Hesabu yenyewe: kitambaa cha drili mita mbili na nusu kwa 7,500, inakuja 18,750. Zipu, vifungo na uzi 2,600. Mkanda wa riflekta mita tatu 4,500. Fundi 6,000. Umeme, fremu na usafiri 2,150. Inayobaki kwangu 4,500.

Sikuwa wa chini. Mmoja alikuwa chini yangu kwa kidogo sana. Wamesema wataamua kwa bei na sampuli, kwa hiyo tunasubiri. Ofisa yule hakuwepo kwenye chumba.

---

Muuza_Simenti, saa 12:52 jioni

Kidogo sana! Si nilikuambia ushushe mia tano? Na ile bei uliyoiona kwenye kipicha, ilikuwa ya huyo wa chini?

---

Sindano_na_Uzi, saa 12:55 jioni

Sisemi.

---

Muuza_Simenti, saa 12:56 jioni

Ilikuwa juu au chini ya yako? Hilo tu.

---

Sindano_na_Uzi, saa 12:58 jioni

Kaka uza simenti.

---

mama_cherehani, saa 1:20 usiku

Samahani natoka nje ya mada. Riflekta mita tatu kwa 4,500 unachukulia wapi Mwanza? Mimi nauziwa 2,000 kwa mita na ikifuliwa mara tano inabanduka.

---

Sindano_na_Uzi, saa 1:31 usiku

Njoo pembeni nikuelekeze. Hiyo ya kubanduka ni ya gundi, ukiinunua itoboe na cherehani pande zote mbili, usiiamini gundi.